Embe zimejaa: bei za Disemba, na jinsi ya kuagiza za nyumba nzima bila ya kuzitupa

Assalamu alaykum wateja wangu wa mjini na wa shamba. Embe zimefika kilele. Wiki hii wachumaji wa Donge, Bumbwini na Kinyasini wanaangua kila siku, na gari moja ya asubuhi haitoshi tena. Hali hii hukaa wiki chache tu, baadaye miti humaliza na bei inapanda. Kwa hiyo nakuwekeeni bei za jumla za majumbani, na chini yake namna ya kuagiza. Naomba msome hayo ya chini pia. Mwaka jana nilipunguza bei vizuri, lakini nyumba nyingi zilitupa embe, na hilo liliniuma kuliko hasara yangu yoyote ya sokoni.

Bei

Boribo kubwa, ile ya karibu nusu kilo, moja ni shilingi 800. Ukichukua 20 ni 14,000, na mia moja ni 65,000.

Dodo moja ni 1,000. Ishirini ni 17,000, na mia ni 80,000.

Muyuni moja ni 500. Ishirini ni 9,000, na mia ni 40,000.

Sindano na embe ndogo za juisi nauza kwa ndoo ya lita 20, ndoo moja 9,000. Embe mbichi za achari na za urojo ni 7,000 kwa ndoo hiyo hiyo.

Usafiri ni 4,000 kwa mjini na ng'ambo yote, pamoja na Fuoni, Tomondo na Bububu. Walioko ndani ya Mji Mkongwe, gari inaishia barabarani na hamali anamalizia vichochoroni, naye mtampa chake.

Hatua ya kwanza: hesabu siku kabla ya kuhesabu embe

Watu wengi wanaponipigia simu huanza na "nipe mia", kwa sababu bei ya mia ndiyo inayovutia. Lakini tazama hesabu yenyewe. Boribo mia kwa 65,000 ni shilingi 650 kila moja, yaani umeokoa 150 kwa kila embe. Sasa ukitupa 20 kwa kuoza, umekula 80 kwa 65,000, na kila uliyokula imekugharimu zaidi ya 810. Ungenunua moja moja kwangu kwa 800 ungetoka vizuri zaidi. Zikifika 19 za kutupa, punguzo lote limeshakwenda, na usafiri hatujautia bado.

Kwa hiyo anza na watu wa nyumbani kwako. Wangapi wanakula embe kweli, na kila mmoja anakula ngapi kwa siku? Ongeza za juisi ukizoea kutengeneza. Halafu gawa. Nyumba ya watu wanne wanaokula moja moja kwa siku, embe mia ni chakula cha siku 25, na embe haikai siku 25 kwa joto letu hili. Iliyoanguliwa ikiwa pevu lakini bado ngumu hufika siku tano hadi saba ndipo iive, na ikishaiva ina siku mbili tatu nje ya friji. Basi usiagize zaidi ya chakula cha siku nane au tisa. Nyumba hiyo ya wanne inatosha na 36, nami nitakupa 40 kwa bei ya ishirini mbili, 28,000.

Kama unaitaka bei ya mia, ungana na jirani. Nyumba tatu za mlango kwa mlango zikichanga, kila moja ikachukua 33, zinapata bei ile ile na usafiri wa mara moja. Mjini hapa tunaishi karibu karibu, jambo hilo halina uzito. Mmoja wenu tu awe ndiye anayezungumza nami, ili nisipokee maagizo matatu ya mzigo mmoja.

Hatua ya pili: agiza kwa uivu

Hapa ndipo penye siri yote ya kununua kwa wingi. Embe mia zilizoiva sawasawa huoza sawasawa. Siku ya kwanza nyumba inanukia, siku ya tatu watoto wamekinai, siku ya nne nzi wamejaa jikoni.

Mimi nazitenga mafungu matatu. Mbivu ni ya kuliwa leo na kesho: ukiibonyeza kwa kiganja inakubali, na kwenye kikonyo inanukia. Tosa imeanza kulainika, ndani imeshageuka manjano, inataka siku mbili au tatu. Pevu ni ngumu kabisa na kwa nje ni ya kijani, lakini imekomaa mtini na itaiva yenyewe nyumbani. Pevu usiichanganye na changa. Changa imeanguliwa kabla ya wakati wake, na hiyo haiivi: inanywea, ganda linakunjamana kama ngozi ya mzee, na ndani inabaki chachu na nyeupe hata ungeiweka mwezi.

Nikupeni mfano wa kweli. Mama mmoja wa Fuoni, nyumba yake ina watu wanane, mwaka jana alichukua boribo mia, zote mbivu, kwa sababu aliniambia "nataka nzuri, zinazonukia". Nikampa. Siku ya nne akanipigia kwamba zimebaki karibu arobaini na hazifai tena. Kosa lilikuwa langu, nilitakiwa nimuulize watu wangapi na siku ngapi. Mwaka huu tumekaa tukapiga hesabu pamoja. Watu wanane, moja kila mmoja, na nne za juisi ya mchana: 12 kwa siku. Mia gawa kwa 12 ni siku nane na kidogo. Basi amechukua hivi:

Mbivu 24, za siku ya kwanza na ya pili.
Tosa 36, za siku ya tatu, ya nne na ya tano.
Pevu 40, za siku ya sita, ya saba na ya nane, na nne za akiba, kwa sababu katika arobaini hazikosekani moja mbili zitakazoharibika.

Amelipa 65,000 na usafiri 4,000, jumla 69,000. Nilipopita siku ya tisa kuchukua matenga yangu, zilizotupwa zilikuwa tatu.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi, na nawaomba nyote muandike namna hiyo hiyo: *"Fuoni. Watu 8. Boribo 100: mbivu 24, tosa 36, pevu 40. Ijumaa asubuhi."* Ukiwa huna hakika na mgawanyo, niandikie idadi ya watu tu na siku unayotaka, nitakugawia mwenyewe.

Nusu ya pesa inatumwa kwa simu siku moja kabla ya mzigo, ifike kabla ya magharibi, kwa sababu usiku ndipo ninapozungumza na wachumaji. Nusu ya pili unalipa ukishaona mzigo wako. Usilipe kabla ya kuuona.

Hatua ya tatu: kagua mlangoni, kijana wangu wa mzigo akiwa bado yupo

Nazipakia kwenye matenga yaliyotandikwa majani makavu ya mgomba, na ndani ya tenga hazizidi safu tatu. Mtu akikuletea embe kwenye polo, zile za chini zimeshabeba uzito wa kilo arobaini na ushei. Kwa nje hutaona kitu siku hiyo. Utaona siku ya pili, pahala palipobonyea pakigeuka kahawia na kulainika.

Zimwage polepole juu ya mkeka, uzitazame kwa mambo matatu.

La kwanza, nzi wa matunda. Jike la nzi huyu hutoboa ganda na kutaga ndani, na mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili. Tafuta kitundu kidogo kama cha sindano, aghlabu kina tone la utomvu uliokauka, na ukipapasa pembeni yake unahisi duara laini. Hiyo ina funza ndani au itakuwa nao, irudishe. Tangu aina ile mpya ya nzi ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuna shamba linaloweza kusema halina kabisa, nami sitakuahidi uongo. Naahidi kuibadilisha.

La pili, upevu wa zile ngumu. Tazama mabega ya embe, yale ya pande mbili za kikonyo. Pevu ina mabega yaliyojaa na kupanda juu kidogo, mpaka kikonyo kinaonekana kama kimekaa shimoni. Changa mabega yake yanateremka, na kikonyo kimesimama juu. Ukiwa bado una shaka, jaza maji ndoo safi na uzitie chache. Embe pevu huzama, changa huelea. Jaribio hili ni la zile ngumu tu. Mbivu usizijaribu hivyo, maana jibu lake haliaminiki. Zikielea tano katika arobaini, nipigie hapo hapo, kijana atazirudisha na tano nyengine nitakuletea.

La tatu, michirizi myeusi ya utomvu. Embe ikikatwa kikonyo karibu mno na ganda, utomvu unamwagika na kuliunguza, na pale palipoungua ndipo kuoza kunapoanzia. Wachumaji wangu nimewaambia waache kikonyo cha urefu wa ncha ya kidole. Ukiona kimevunjika na embe bado inatoa maji, ilaze kichwa chini juu ya majani mpaka yakauke, kisha ioshe na uifute. Watoto waambie wasiyashike yale maji na kugusa uso, yanachoma midomo na macho.

Madoa madogo meusi kama vumbi la mkaa ni habari nyengine. Huo ni ugonjwa wa chule, na unatokana na mvua za vuli zinazonyesha miti ikiwa na maua na matunda madogo. Shida yake ni kwamba embe ikiwa ngumu inaonekana safi kabisa, na madoa yanajitokeza inapoiva. Yakiwa machache yapo kwenye ganda tu: imenye na ule siku hiyo hiyo, haina madhara. Yakisha kuungana na kuzama ndani, kata sehemu hiyo. Mwaka ambao vuli ni kubwa, embe za namna hiyo huwa nyingi kwa wauzaji wote.

Hatua ya nne: kuvundika

Zitenge tangu siku ya kwanza. Mbivu mezani au kwenye friji, tosa pahala pengine, pevu pahala pao peke yao. Usiziweke pamoja. Embe inayoiva hutoa hewa inayoziivisha jirani zake, na mbivu moja ikisahauliwa katikati ya pevu itazivuta zote ziive siku moja. Hapo hesabu yako ya siku nane imevunjika.

Pevu zitandike kwenye boksi la karatasi au kapu, safu moja au mbili, kichwa chini, na uzifunike kwa gazeti au kanga kuukuu. Chumba kiwe na kivuli na hewa. Kila asubuhi zipapase zote, hiyo ni kazi ya dakika tano, na iliyoanza kulainika uihamishe. Ukitaka kuziharakisha, tia ndani ndizi mbivu mbili, utapata kama siku moja au mbili mbele. Ukitaka kuzichelewesha, zitawanye zisigusane, sakafuni penye upepo. Bibi zetu walivundika ndani ya pipa la mchele, na mpaka leo inafanya kazi, isipokuwa ukisahau moja ikapasuka, basi na mchele nao umeharibika.

Mfuko wa plastiki uliofungwa usitumie. Embe inatoa jasho, maji yanajikusanya chini, na siku ya pili kikonyo kimeota ukungu.

Wala usiweke pevu kwenye friji. Hili ndilo kosa ninaloliona kila msimu, khasa kwa walioajiriwa ambao wanataka kuzituliza mpaka Jumamosi. Embe isiyoiva ikikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 13 hivi huumia ndani. Ukiitoa, ganda linakuwa na rangi ya kijivu kama limepauka, haiivi vizuri, na hata ikilainika haina utamu wala harufu. Friji ni ya embe iliyokwisha kuiva. Humo itakaa siku nne tano bila ya neno.

Kuhusu kabaidi, ile dawa ya mafundi wa kuchomelea, naulizwa kila siku. Mimi siitumii na sinunui kwa anayeitumia. Ikipata unyevu inatoa gesi inayolifanya ganda liwe manjano haraka, na ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambavyo si vitu vya kukaa karibu na chakula. Dalili yake ni embe iliyo manjano pande zote sawasawa, lakini ukiishika ni ngumu, ukiinusa kikonyoni haina harufu, na ukiikata karibu na kokwa ni nyeupe na chachu. Dalili hizo peke yake hazithibitishi kitu, maana changa iliyolazimishwa kwa njia nyengine nayo hufanana. Lakini kwa vyovyote usiinunue. Na msiamini rangi peke yake: dodo huweza kubaki na kijani hata ikiwa tamu kama asali. Bonyeza, nusa.

Hatua ya tano: zinazozidi, ziweke kwa Ramadhani

Ramadhani hii inatuangukia Februari, na embe nzuri wakati huo zitakuwa zimepungua na bei imepanda. Anayetaka juisi ya futari aanze sasa, na hapa ndoo za sindano na embe ndogo ndizo zenye faida, hakuna haja ya kusaga boribo kubwa.

Chukua zilizoiva hasa, zioshe, uzimenye, ukate nyama na kuisaga bila ya maji na bila ya sukari. Sindano ina nyuzi, ichuje kwa chujio pana. Kwa kilo moja ya rojo tia kijiko kimoja cha maji ya ndimu, rangi haitageuka. Kumbuka kwamba ganda na kokwa vinachukua sehemu kubwa, kwa hiyo kilo tano za embe zitakupa rojo la kilo tatu hivi. Pima kiasi cha futari moja, kitie kwenye mfuko mmoja, utoe hewa, uulaze ubapa, uandike tarehe, kisha utie friza. Mfuko wa ubapa huganda haraka na huyeyuka haraka. Ukiweka mfuko mmoja mkubwa, kila siku utautoa, uukwangue na kuurudisha, na ladha itakwisha kabla ya mwezi kuandama.

Umeme ukikatika, usiifungue friza. Iliyojaa hushika baridi karibu siku mbili, na ya nusu siku moja tu. Sisi wa Unguja tuliokaa kizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua kwamba friza haiwezi kuwa tegemeo la mtu peke yake. Basi wenye nafasi watengeneze na achari. Embe mbichi za achari zinaagizwa siku mbili kabla, kwa sababu zinaanguliwa mbali na hizi nyengine, na zinatakiwa ziwe zimejaa lakini hazijageuka manjano ndani. Jua la kaskazi la siku mbili tatu linatosha kuzikausha baada ya kuzitia chumvi.

Mzigo ukiwa na kasoro

Niambie ndani ya siku moja kwa mbivu, siku tatu kwa tosa, na siku saba kwa pevu. Nitumie picha ya embe iliyokatwa, si ya nje tu. Yenye funza, changa, au iliyobonyea njiani naibadilisha au narudisha pesa yake, chagua mwenyewe. Iliyoachwa juani au iliyogandishwa kwenye friji ikiwa ngumu, hiyo sitaweza. Za funza usizitupe shambani wala jaani, kila funza atatoka humo akiwa nzi wa msimu ujao: zifunge ndani ya mfuko mweusi uache juani siku kadhaa, au zifukie chini sana, mkono mzima hivi.

Bei hizi ni mpaka mwisho wa mwezi huu. Siku za mzigo ni Jumanne, Ijumaa na Jumapili asubuhi. Ijumaa kijana anaanza mapema ili amalize kabla ya sala, kwa hiyo walioko mbali, khasa Bububu, wachague Jumanne au Jumapili. Na matenga tafadhali msiyapasue kuni, yananirudia na mzigo wa mtu mwengine.